Balantidiamu ya nguruwe kwenye choo cha binadamu: mwongozo kamili kutoka benchi ya maabara hapa Malindi

Naanza na swali ambalo watu huniuliza kila nikitaja huyu mdudu: "mimi sili nguruwe, kwa hivo hainihusu, sivyo?" Inakuhusu. Balantidiamu haikai kwenye nyama, inakaa kwenye utumbo mpana wa nguruwe na inatoka na mavi, alafu inakuingia kwa mdomo kupitia maji, mikono, au mchicha uliomwagiliwa mbolea mbichi. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote hajawahi hata kunusa kitimoto na bado akaipata kwa sababu jirani yake anafuga na kisima ni kimoja. Hapa nitaeleza vile mimi huisaka kwenye choo cha mtu na cha nguruwe kwa vifaa vya dispensari ya kawaida, vile unajua umekosea, na vile nilifuatilia kesi moja upande wa Ganda mwanzo mpaka mwisho.

Kwenye fomu ya majibu utaandika Balantidium coli, na ukitafuta mtandaoni siku hizi utaona pia Balantioides coli, ni huyohuyo, wataalamu wamembadilisha jina tu. Aliyemwona kwanza kwa binadamu ni Malmsten kule Uswidi mwaka 1857, kwa wagonjwa wawili wa kuhara. Ndiye kimelea pekee anayejulikana wa binadamu mwenye vijinywele mwili mzima, na ndiye mkubwa kuliko wadudu wote wa seli moja wanaotukaa. Huo ukubwa ndio utakaokusaidia baadaye, uweke akilini.

Sura mbili, na kila moja ina habari yake

Kabla hujagusa hadubini elewa hili, maana mengine yote yanatoka hapa. Kuna trofo, yaani yule hai anayeogelea, anakula na kugawanyika kuwa wawili ndani ya utumbo mpana. Na kuna siste, ambaye amejikunja ndani ya ganda gumu na haogelei popote. Trofo anageuka siste pale kinyesi kinapoanza kukauka kikielekea nje, kwa hivo kinyesi kigumu ndicho chenye siste. Mtu au nguruwe akiwa anaharisha, mambo yanapita mbio, hakuna muda wa kukauka, wanatoka matrofo matupu. Na trofo akishatoka nje kwa kawaida hadumu, anakufa mapema na kusambaratika vipandevipande.

Sasa fikiria maana yake. Yule anayeendesha, ambaye kila mtu anamkimbia, siyo anayeambukiza sana, maana trofo hata ukimmeza tindikali ya tumbo mara nyingi inammaliza. Anayeambukiza ni yule mwenye choo kigumu asiyelalamika chochote. Na kati ya wote hakuna anayemshinda nguruwe, kwa sababu nguruwe anambeba huyu mdudu miaka bila kuonyesha dalili yoyote, ananenepa vizuri, mavi yake yamefungamana, na ndani yake siste zimejaa. Siste ikiwa kwenye mavi yenye unyevu na kivuli inaweza kukaa hai wiki kadhaa. Jua na ukavu ndio adui zake.

Kwa hivo kabla hujatafuta, angalia choo kilivyo ndio ujue unatafuta nini. Chepesi tafuta trofo, na fanya haraka. Kigumu tafuta siste, una muda.

Kuchukua sampuli, mahali watu wengi wanapoharibu

Choo chepesi kisomwe ndani ya dakika 30 tangu kimetoka. Cha uji kidogo, ndani ya saa moja. Kigumu kinaweza kungoja mpaka kesho kwenye friji. Ila chepesi usikiweke friji kabisa, trofo wakipata baridi wanaacha kuogelea na wakishaacha kuogelea utawapita ukidhani ni uchafu wa chakula. Mgonjwa anayekuletea chupa asubuhi na choo amefanya alfajiri, alafu akapanda tuktuk na akangoja foleni, hiyo usisome ukaandika "hakuna kitu kilichoonekana", mwambie akae hapohapo na chupa nyingine mpaka kitoke kipya. Watalalamika, waache walalamike.

Muulize pia kama ametumia dawa. Antibiotiki, dawa za asidi tumboni na dawa nyingine za kuharisha zinaficha vimelea, na ikiwezekana subiri wiki moja mpaka mbili baada ya hizo. Na chupa iwe kavu, isiwe imesuuzwa na maji ya kisima, nitakwambia kwa nini.

Kwa nguruwe usiokote tu mavi sakafuni, huwezi jua ni ya nani wala ya saa ngapi. Simama bandani asubuhi wakati wa kula, nguruwe wengi wakishaamka na kula wananya, na mara tu anaponya chukua kwa kijiko ile sehemu ya juu isiyogusa sakafu, kama gramu tano hadi kumi zinatosha. Veti akiwepo atavaa glavu na kutoa moja kwa moja kwenye mkundu, hiyo ndiyo safi zaidi. Andika namba ya banda na kama yalikuwa magumu au maji. Glavu na mabuti ni lazima, na mikono inaoshwa kwa sabuni na maji, usitegemee ile jeli ya kupaka.

Kitu kingine, huyu mdudu hatoki kila siku. Leo anatoka wengi, kesho hakuna hata mmoja. Kwa mtu chukua sampuli tatu, siku moja ndio siku moja siyo, zote ndani ya siku kama kumi, ndipo useme hana.

Slaidi ya selaini

Hapa hakuna ufundi mkubwa ila kuna uvivu mwingi. Selaini ni gramu 8.5 za chumvi ya maabara kwa lita moja ya maji safi yaliyochujwa. Weka tone moja kwenye slaidi, chukua choo kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, kama kuna kamasi au damu chukua hapo hapo kwenye kamasi, koroga, funika na kava slipu bila kuikandamiza. Ukiikandamiza trofo wanapasuka, ni wakubwa na ngozi yao ni laini. Slaidi iwe nyepesi kiasi kwamba ukiiweka juu ya gazeti unasoma maandishi.

Tumia lenzi ya kumi. Narudia, lenzi ya kumi, maana tumezoea kukimbilia ya arobaini kutafuta amiba. Siste ya amiba ni maikroni 10 hadi 20, jiadia ni 8 hadi 12. Siste ya balantidiamu ni maikroni 50 hadi 70, yaani kama yai la mnyoo wa safura, na trofo mara nyingi ni 40 hadi 70 na wengine wanazidi 100. Ukianza na ya arobaini eneo unaloona ni dogo na mdudu anakimbia, anapita kama boda boda na wewe unabaki kujiuliza ilikuwa nini. Punguza mwanga kwa kufunga kidogo ile diafragimu ya chini, alafu pitisha slaidi nzima kwa zigizaga, toka kona mpaka kona.

Trofo utamjua kwa mwendo kabla ya umbo. Anazunguka kwenye mhimili wake huku anasonga mbele, kama pia iliyolalia ubavu, anasukuma uchafu pembeni, anagonga kitu anarudi nyuma anapita kwingine. Akitulia kidogo hamia lenzi ya arobaini. Utaona umbo la yai, upande mmoja umechongoka kidogo na hapo pembeni pana mkato, huo ndio mdomo. Vijinywele vimemzunguka mwili wote vinapiga kama makasia. Ndani utaona kiini kikubwa chenye umbo la figo au haragwe, na vishimo viwili vinavyojaa na kukauka. Kiini kidogo kimejificha kwenye ule mkunjo wa kiini kikubwa, usipokiona usihangaike.

Siste ni duara au yai fupi, ganda nene lenye mistari miwili, na ndani mara nyingi unaona tu chembechembe na lile haragwe. Siste ikiwa mpya unaweza kuona mdudu ndani bado anazunguka polepole na vijinywele vyake. Ikizeeka vijinywele vinapotea.

Kuhusu iodini: kwa huyu mdudu inaharibu zaidi ya kusaidia, anakunywa rangi mpaka anakuwa doa jeusi na hauoni kitu ndani. Rangi za kudumu nazo hivohivo. Ukilazimika, zimua iodini iwe kama chai ya rangi nyepesi, na slaidi ya selaini ibaki ndiyo ya kuamulia.

Kuzamisha, kwa choo kigumu

Siste zikiwa chache slaidi moja haitoshi. Kwa vile ni kubwa na nzito, zinazama zenyewe hata bila mashine ya kuzungusha, na hii naipenda sana kwa dispensari zisizo na umeme wa uhakika. Chukua nusu kijiko cha chai cha choo, kama gramu tatu, koroga kwenye mililita 50 za selaini mpaka kivurugike, pitisha kwenye kichujio cha chai ulichoweka kitambaa cha gozi mikunjo miwili, mimina kwenye glasi ndefu nyembamba, acha dakika 30. Mwaga maji ya juu taratibu, ongeza selaini, acha tena dakika 30. Rudia mpaka maji ya juu yawe meupe, kwa kawaida mara mbili au tatu. Alafu pipeti ishuke mpaka chini kabisa, chukua tone, funika, soma slaidi mbili au tatu. Njia hii ni ya siste tu, trofo kwa muda huo washakufa.

Ile njia ya kufanya mayai ya minyoo yaelee juu kwa maji ya chumvi nzito sikushauri kwa kazi hii. Maji mazito yanazikunja siste na unaishia kusoma vitu visivyo na umbo.

Aibu yangu ya Lamu, au kwa nini slaidi ya maji ni lazima

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi nilikaa Lamu miezi kadhaa. Siku moja ikaja sampuli ya mtoto, maji maji, nikaweka slaidi, nikaona mdudu mwenye vijinywele anaruka. Nikaita watu wote waje waone. Mzee wangu wa maabara akachungulia, akanyamaza, akauliza, "Chupa ilisuuzwa na maji gani?" Mama wa mtoto akasema ameisuuza kwenye birika la nyumbani, lile lenye visamaki vya kula mabuu ya mbu. Mzee akanituma na kikombe nikalete hayo maji, tukaweka tone kwenye slaidi peke yake. Walikuwa wamejaa paramesia, wadudu wa vijinywele wanaojiishia kwenye maji. Nilitamani sakafu ipasuke.

Tangu siku hiyo, kila nikiona chenye vijinywele naweka slaidi ya pili yenye selaini yangu tupu, na kama chupa iliguswa na maji naomba na hayo maji. Paramesia ni mrefu kama kandambili, na vile vishimo vyake vya maji vina mionzi kama nyota. Lakini usitegemee macho peke yake, slaidi ya maji ndiyo inayokata kesi.

Na kwa Lamu kuna lingine, punda. Utumbo wa punda umejaa wadudu wa vijinywele wa kawaida kabisa ambao hawamdhuru yeye wala wewe, wengi wao vijinywele vimekaa kwa mafungu siyo mwili mzima. Choo kilichookotwa uani ambapo punda amepita kinaweza kukuletea hao. Ng'ombe naye ana wake, na siste yake inafanana na ya balantidiamu kiasi kwamba kwa hadubini hutaitofautisha. Kwa hivo siste iliyookotwa ardhini ambapo kuna mifugo mchanganyiko haina maana yoyote. Lazima ujue imetoka kwa nani.

Kesi ya Ganda

Sasa tuweke yote pamoja. Ilikuwa mwezi wa tano, masika yamepiga vibaya. Mfugaji mmoja ana nguruwe 14 kwenye mabanda matatu, anawalisha masalio ya jikoni za hoteli, na ana kijana wa kazi wa miaka kama 22. Kijana anaharisha wiki tatu, siku mbili anaendesha siku moja choo kinafunga, kamasi, saa zingine damu kidogo, tumbo linakata upande wa kushoto chini. Alikuwa ameshapewa dawa ya taifodi mahali bila hata kupimwa choo.

Sampuli ya kwanza aliileta mwenyewe saa nne asubuhi, kumbe ya saa kumi na moja alfajiri. Nikasoma kwa ajili ya kujiridhisha tu, nikaona usaha na chembe za damu na uchafu, hakuna kinachotembea. Kama ningeandika "hakuna kimelea" ningekuwa nimemwongopea. Nikamwambia akae. Saa sita na robo akatoa nyingine, dakika kumi na mbili baadaye iko kwenye lenzi ya kumi, na eneo la pili tu nililofungua palikuwa na watatu wanazunguka. Slaidi ya selaini tupu, safi. Chupa kavu. Nikaandika trofozoiti za balantidiamu, na pia kwamba amiba sikuiona, maana daktari akiona damu atafikiria hiyo kwanza.

Daktari alimpa tetrasaiklini, kwa mtu mzima ni miligramu 500 mara nne kwa siku kwa siku 10. Haipewi mama mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8. Mbadala ni metronidazoli, ile watu wanaita flajili, miligramu 500 hadi 750 mara tatu kwa siku kwa siku 5, na kwa hiyo mnazi unawekwa kando. Hapa pana mtego: mtu akipewa flajili kwa kudhaniwa ana amiba anapona, na hakuna atakayejua ilikuwa balantidiamu, na chanzo kinaendelea kukaa hapohapo. Naandika dozi ujue kinachoendelea, siyo ujinunulie dukani. Na mtu akianza kuvimba tumbo, likawa gumu kama ubao na homa juu, hapo hakuna cha maabara, ni hospitali mbio. Trofo wanachimba vidonda kwenye ukuta wa utumbo, na mara chache sana kidonda kinatoboka.

Kesho yake tukaenda bandani na veti. Sampuli sita. Nguruwe wakubwa watano, wote wazima, mavi magumu, wanne kati yao walikuwa na siste baada ya kuzamisha. Mmoja mdogo alikuwa anaharisha, na huyo slaidi ya selaini ilikuwa na matrofo wachache na mayai ya minyoo mjeledi mengi sana. Mfugaji akaniambia, "Daktari, basi ndiyo hiyo hiyo inayomwua mtoto wangu wa nguruwe." Nikamwambia mimi siyo daktari na pia siyo hiyo. Balantidiamu kwa nguruwe mara nyingi ni mpita njia, inaingia kwenye kidonda kilichofunguliwa na mwingine. Veti akampa dawa ya minyoo tu, ndani ya wiki kuhara kukakata, na siste zikabaki palepale. Ukimkuta nguruwe anaharisha na ukaona balantidiamu usisimame hapo, tafuta minyoo mjeledi, tafuta koksidia kwa wale wa wiki moja au mbili, mwambie veti afikirie bakteria. Na kuwapa nguruwe wazima antibiotiki ili kufukuza siste ni hasara, wanaambukizana tena kesho kwenye sakafu ileile.

Kisima

Kilichonitia wasiwasi ni kisima cha jirani, hatua 18 kutoka bandani na upande wa chini. Mdomo wa kisima uko sawa na ardhi, mawe ya matumbawe yamepangwa tu. Maji ya kuoshea banda yanatiririka kwenye shimo lisilo na mfuniko, na mvua ikinyesha shimo linafurika na kufuata mteremko. Kando ya kisima pana ndoo na kamba vimelala kwenye tope.

Watu hubishana umbali, ati mita 30 ndiyo salama. Umbali ni muhimu, na kwenye miamba yetu ya matumbawe yenye nyufa hata hizo 30 si za kuziamini. Lakini siste ni kubwa, mchanga mzuri usio na nyufa unaizuia. Kwa kisima kama kile njia ya haraka ni juu, kupitia mdomo, na hasa ile kamba. Mtu anakanyaga tope lenye mavi, kamba inalala hapo, inashuka kisimani, na ikishashuka siste zinakaa chini, ndoo ikikwangua sakafu zinapanda. Janga linalojulikana zaidi la ugonjwa huu lilikuwa visiwa vya Truk, Pasifiki, mwaka 1971: kimbunga kilibomoa matangi ya maji ya mvua, watu wakarudi kwenye maji ya ardhini yaliyochafuliwa na nguruwe, na wagonjwa 110 wakapatikana.

Nyumba ya jirani ni Waislamu, watu watano. Kuwaambia walete choo kwa sababu ya nguruwe wa jirani haikuwa kazi rahisi, mzee wa nyumba alidhani namtukana. Nikamweleza polepole kwamba simuulizi alichokula, namuuliza alichokunywa, na kwamba kisima hakina kosa la mtu. Bibi yake ndiye aliyesema, "Mwanangu, niletee hizo chupa." Sampuli tatu kila mmoja, siku moja ndio siku moja siyo. Bibi huyohuyo, mzima wa afya, sampuli ya kwanza hakuna, ya pili siste mbili, ya tatu hakuna. Ningechukua moja tu ningempita. Naye alitibiwa, kwa sababu mbebaji asiyeumwa ndiye anayetoa siste.

Je, siste zake zilitoka kwa nguruwe wale? Hadubini haiwezi kusema. Siste ya mtu na ya nguruwe ni moja. Tulizamisha hata ndoo ya maji ya kisima na tukaona wadudu wa maji wa kawaida tu, na hilo halithibitishi usafi, ni ndoo moja ya siku moja. Tulichofanya tulikifanya kwa kuangalia mpangilio wa mahali.

Mdomo wa kisima ulinyanyuliwa kwa simiti mpaka kiunoni, ukazungushiwa sakafu ya simiti upana wa mita moja na nusu yenye mteremko wa kutoa maji mbali, ukawekwa mfuniko wa mabati. Ndoo ni moja, kamba moja, na inatundikwa kwenye msumari, haigusi ardhi. Mfugaji alichimba mtaro upande wa juu kugeuza maji ya mvua na akafunika shimo. Mavi yanakwanguliwa makavu kabla ya kumwaga maji, yanatandazwa mepesi kwenye mabati juani, siyo kurundikwa chini ya mwembe kwenye kivuli kama zamani, na yakikauka kabisa ndipo yanakwenda shambani. Kwenye mchicha unaoliwa mwezi huu hayaendi kabisa. Kijana amepata mabuti yanayobaki bandani na sabuni kwenye mlango wa banda, na siku ya kuchinja anayeosha utumbo haoshei karibu na kisima.

Maji ya kunywa yanachemshwa mpaka yatokote. Klorini ya kawaida ya kutia kwenye pipa haitegemeki kwa siste, inasaidia kwa bakteria. Pipa likilala usiku kucha siste zinazama chini kama zilivyozama kwenye glasi yangu, kwa hivo chota juu usikoroge, ila hilo ni la kupunguza tu, kuchemsha kuko palepale.

Baada ya mwezi nilirudia sampuli tatu za kijana na tatu za bibi, zote hazikuwa na kitu. Nguruwe nilipima wanne wa mabanda yale yale. Watatu bado wana siste.